Barua ya uanagenzi wa umeme: andika saketi uliyoipima

*Mshauri, salamu.*

*Nilimaliza kozi ya miaka miwili ya ufundi wa umeme katika chuo anuwai hapa Kisumu, na cheti cha KNEC ninacho. Tangu Januari nimepeleka barua 14 kwa wakandarasi wa umeme nikiomba uanagenzi. Ni mmoja tu aliyenipigia simu. Aliniuliza, "Umewahi kufanya nini hasa?" Nikamwambia nimefanya waya zote za nyumba. Akasema atanipigia tena, mpaka leo kimya.*

*Barua yangu inasema: "Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu, ninayejifunza haraka. Naomba kazi, mafunzo ya nyanjani au uanagenzi katika kampuni yako." Kisha nimeorodhesha masomo yote ya kozi. Mafunzo ya nyanjani nilifanya miezi mitatu kwenye nyumba ya orofa moja huko Mamboleo. Nilivuta waya, nikafunga soketi, na mara chache fundi alinipa mita nipime ringi. Fezi tatu sijawahi kugusa. Kitabu changu cha kumbukumbu kimejaa maneno "tulifanya waya". Nibadilishe nini? Na nikiitwa, nitaulizwa nini?*

*Mhitimu, Nyalenda*

---

Mwanangu, swali uliloulizwa kwenye simu ndilo barua yako ingepaswa kulijibu kabla hujaulizwa. Mkandarasi mdogo wa umeme, mwenye mafundi wanne au watano, hana ofisi ya kusoma barua. Anaisoma akiwa saiti, mara nyingi amesimama, na anatafuta mambo matatu tu. Jumatatu nimpe huyu kazi gani bila kuniharibia vifaa? Je, atashika waya wenye stima? Na anataka tuelewane vipi, kwa makubaliano gani? "Mwenye bidii" halimjibu hata moja kati ya hayo. Orodha ya masomo pia haimjibu, kwa sababu kila aliyepita chuoni ana orodha hiyo hiyo.

Nianze na hilo la makubaliano, kwa kuwa ndipo barua yako inapoangukia mapema. Umeomba vitu vitatu kwa sentensi moja, na kila kimoja kina uzito wake kwa anayekupokea. Mafunzo ya nyanjani ni sehemu ya kozi, chuo ndicho kinachokutuma, na wewe umekwisha kuyamaliza. Anayeona neno hilo atadhani bado u mwanafunzi na utarudi darasani baada ya miezi mitatu. Kazi ni ajira ya mtu anayeweza kuachwa peke yake, na wewe bado hujafika hapo. Uanagenzi ni mkataba wa maandishi wa kufundishwa kazi huku ukifanya kazi. Unatawaliwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, na mikataba yake husajiliwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo chake hapo hapo Kisumu. Ukiomba kimoja tu, na ukaonyesha kwamba unajua ni kipi, tayari mwajiri ana jambo moja la kukubali au kukataa.

Yako mambo mawili ya kisheria ambayo mkandarasi anayafikiria hata asipoyataja. La kwanza ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo mwanagenzi anahesabiwa kuwa mfanyakazi, kwa hiyo ukipigwa na stima au ukianguka ngazi, mzigo ni wa aliyekuchukua. La pili ni leseni. Kazi ya umeme wa majengo hufanywa chini ya mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na leseni zina madaraja, kuanzia C-2 iliyo ya chini hadi A-1. Wewe huna leseni, kwa hiyo kila waya utakaoufunga, yeye ndiye atakayetia sahihi kwamba uko salama. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini barua inayosema "nimefanya waya zote" inamtia hofu badala ya kumvutia. Anayesema amefanya zote haelekei kujua zipi hajafanya, na huyo ndiye hatari.

Sasa tuje kwenye kiini. Umesema fundi alikupa mita upime ringi. Hapo ndipo dhahabu yako ilipo, nawe umeiacha nje ya barua! Wahitimu wengi wamevuta waya. Waliowahi kupima ringi ya soketi na wakaelewa walichokipima ni wachache, na mkandarasi anajua hivyo.

Hebu tuichukue ringi moja ya kawaida ya nyumba kama ile ya Mamboleo: soketi 8, waya wa milimita mraba 2.5 kwa laivu na nyutro, ethi ya 1.5, na breka ya ampea 32. Waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile, ndiyo maana ukaitwa ringi. Tuseme mzunguko mzima ni mita 54. Kabla stima haijaunganishwa, unazitoa ncha mbili za laivu kwenye konsyuma yuniti, yaani boksi la breka, na kupima ukinzani kutoka ncha hadi ncha. Waya wa shaba wa 2.5 una takriban omu 0.0074 kwa kila mita, kwa hiyo mita 54 zitakupa karibu omu 0.40. Nyutro ni waya wa ukubwa ule ule unaopita njia ile ile, nayo itoe karibu 0.40. Ethi ya 1.5 ni nyembamba zaidi, ina takriban omu 0.0121 kwa mita, kwa hiyo itatoa karibu 0.65.

Vipimo hivyo vitatu vinaongea. Laivu na nyutro zikipishana kwa zaidi ya 0.05, tuseme moja 0.40 na nyingine 0.58, kuna skrubu ya soketi isiyokazwa au kiungo kibovu mahali fulani. Zote mbili zikiwa 0.60 badala ya 0.40, kabla hujabomoa chochote uliza kama mita ilisawazishwa. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani wa 0.1 au 0.2, na mita isiporudishwa kwenye sufuri huku ncha zake zimegusanishwa, ukinzani huo unaingia kwenye kila kipimo. Na mita isiposoma kitu kabisa, basi ringi imekatika.

Hili la mwisho ndilo linalotenganisha anayefunga soketi na anayejua kazi. Ringi ikikatika nyuma ya soketi moja, hakuna kitu kinachozimika. Soketi zote 8 zinafanya kazi, kwa sababu kila upande wa mkato bado unalishwa kutoka mwisho wake. Mwenye nyumba anafurahi, anahamia. Lakini sasa mzigo uliopaswa kugawana njia mbili unaweza kupita karibu wote kwenye njia moja. Waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani unafaa kubeba takriban ampea 24, na breka ni ya 32. Birika, pasi na hita zikiwashwa pamoja upande mmoja zikavuta ampea 28, breka haitaanguka, na waya utaendelea kupata moto ndani ya ukuta siku baada ya siku. Huwezi kuligundua kosa hili kwa kuchomeka taa na kuona inawaka. Linaonekana kwa kipimo cha ncha hadi ncha tu.

Mkandarasi akisoma kwamba umepima ringi ukapata 0.41, 0.41 na 0.66, haoni tarakimu tu. Anaona mtu ambaye hatamwachia kosa hilo ukutani.

Tafadhali, usizitunge tarakimu, wala usizichukue hizi zangu. Zinajichunguza zenyewe. Ukiandika mita 54 za waya wa 2.5 na kipimo cha 1.2, msomaji anayejua kazi atapiga hesabu kichwani na kuona kwamba haiwezekani, na hapo barua imekufa. Kama hukuviandika vipimo vya Mamboleo, nenda kwa fundi uliyekuwa naye umwulize kama karatasi yake ya vipimo bado ipo. Isipokuwepo, andika kwamba ulipima na useme ulivyopima, bila tarakimu. Njia nyingine ni kuomba ruhusa chuoni ufunge ringi fupi kwenye ubao wa mazoezi, uipime, na uandike wazi kwamba kipimo ni cha karakana. Kipimo cha karakana kilicho cha kweli kinamfaa msomaji kuliko cha nyumba kilichobuniwa.

Sentensi nyingine inayomgusa mwenye kazi ni ya vifaa, kwa sababu waya wa shaba ni pesa. Ringi ya mita 54 inatumia waya wa urefu huo kwa kila rangi. Ukichukua roli ya mita 90 kwa kila rangi, kila roli inabakiwa na takriban mita 36, na hizo zinatosha kuanza saketi nyingine. Fundi mchanga anayekata vipande vya mita moja moja "kwa usalama" katika kila soketi anazimaliza hizo 36 bila kujua. Kama huko Mamboleo ulikuwa ukipima njia kwa kamba au utepe kabla ya kukata waya, liandike. Kama hukufanya hivyo, usiliandike, ila lifanye utakapoanza.

Kisha andika usichoweza. Najua chuoni mlifunzwa kujiuza, na sentensi hii itakuuma kuiandika, lakini katika kazi ya stima ndiyo inayoaminika kuliko zote. "Sijawahi kufanya kazi ya fezi tatu." Nyumba nyingi hutumia fezi moja ya volti 240. Fezi tatu ni volti 415 kati ya fezi na fezi, na mkandarasi hahitaji mwanagenzi anayeanza awe anaijua. Anahitaji mwanagenzi ambaye akikutana nayo atasimama na kuuliza.

Kitabu chako cha kumbukumbu kina tatizo, lakini usikiguse. Ukifuta "tulifanya waya" na kuandika mambo mapya kwa kalamu nyingine juu ya sahihi ya zamani, umeghushi hati, na inaonekana. Badala yake chukua karatasi moja mpya. Andika juu yake jina la kazi, mtaa na miezi uliyokuwepo, kisha kazi ulizofanya kwa mikono yako: saketi gani, waya wa ukubwa gani, soketi ngapi, taa ngapi, ulipima nini na nani alikuwa kando. Tenganisha "nilifanya" na "nilisaidia". Mpelekee fundi aliyekusimamia aisome, akate lisilo kweli, atie sahihi kwa tarehe ya leo na aandike namba yake ya simu. Tarehe ya leo si aibu. Inaonyesha kwamba mtu huyo bado yupo na bado anakutambua. Nakala ya karatasi hiyo ndiyo itakayofuata barua, na kitabu chenyewe utakibeba siku ya kuitwa.

Kuhusu unakoipeleka barua, 14 kwa wote sawasawa ni kupanda mbegu juu ya lami. Pita kwenye majengo yanayojengwa usome kibao cha saiti pale langoni. Mara nyingi kimeandika mkandarasi mkuu, mhandisi na mkandarasi wa umeme. Tazama pia kazi imefikia wapi. Wakati paipu zinalazwa kabla zege halijamwagwa, na wakati waya zinavutwa baada ya plasta, ndipo mikono ya ziada inapohitajika. Jengo likiwa linapakwa rangi, kazi ya umeme imebaki kufunga vifaa na kupima, na mgeni atakuwa mzigo. Wauzaji wa maduka ya vifaa vya umeme mjini nao wanajua nani ananunua paipu nyingi wiki hii. Waulize kwa heshima, wakati kaunta haina foleni.

Hii ndiyo barua ambayo ningependa uifuate kwa muundo. Nimeiandika kwa Kiswahili ili uone mpangilio, lakini kama kampuni huandika kwa Kiingereza, nawe iandike kwa Kiingereza chepesi. Vipimo ni vya mfano niliouelezea hapo juu, kwa hiyo weka vyako.

> Kuh: Ombi la uanagenzi wa umeme wa majengo
>
> Naomba nafasi ya uanagenzi katika kampuni yako, kwa mkataba wa maandishi uliosajiliwa NITA. Nimesoma kwenye kibao cha saiti kwamba kazi ya umeme ya jengo hilo ni yako, na nimeona kwamba paipu za orofa ya kwanza zinalazwa sasa.
>
> Nina cheti cha KNEC cha ufundi wa umeme. Katika mafunzo ya nyanjani ya miezi 3, kwenye nyumba ya orofa moja Mamboleo, nilivuta waya za ringi moja ya soketi 8 (waya wa 2.5, mzunguko wa takriban mita 54) na kuzifunga soketi zote. Fundi akiwa kando yangu, niliipima ringi hiyo ncha hadi ncha kabla ya kuunganisha stima: laivu omu 0.41, nyutro 0.41, ethi 0.66. Nilivuta pia waya za taa za 1.5 katika vyumba 3.
>
> Konsyuma yuniti nimesaidia kupanga waya zake, sijaifunga peke yangu. Kazi ya fezi tatu sijawahi kufanya. Sigusi saketi kabla haijazimwa, kufungiwa na kupimwa.
>
> Nimeambatisha nakala za cheti, kitambulisho na karatasi ya kazi iliyotiwa sahihi na fundi aliyenisimamia. Amekubali kupigiwa simu, na namba yake iko kwenye karatasi hiyo. Naishi Nyalenda, na naweza kufika kwa majaribio siku yoyote ya kazi kuanzia saa moja asubuhi.

Ni ukurasa mmoja, na hauna neno "mwenye bidii". Mshahara haujatajwa, kwa sababu utazungumzwa mkikaa na mkataba mezani. Mtaa unaoishi umetajwa kwa makusudi, kwani mwenye kazi anataka kujua kama utafika saa moja au utakuwa unangoja matatu.

Ambatisha nakala tatu tu: cheti, karatasi ya kazi na kitambulisho. Hati asili usiziache kwa mtu yeyote. Ukituma kwa simu, unganisha zote ziwe faili moja ya PDF yenye jina lako. Picha nne zilizopigwa gizani, moja ikiwa imepinduka, hazifunguliwi na mtu aliye juu ya ngazi. Ukipeleka kwa mkono, fika kabla ya saa mbili asubuhi, wakati msimamizi anagawa kazi. Mpe, mwambie kwa sentensi moja unaomba nini, uondoke. Baada ya wiki moja piga simu mara moja. Na mtu yeyote akikuambia utume pesa kwanza ya "kusajili nafasi", achana naye hapo hapo.

Ukiitwa, tarajia vitendo kuliko maswali. Pengine utapewa kipande cha waya na soketi uifunge. Watatazama kama umekata kihami bila kukwaruza shaba, kama shaba tupu inachungulia nje ya skrubu, na kama baada ya kukaza unauvuta waya kidogo kuona umeshika. Katika soketi ya ringi zinaingia waya mbili kila skrubu, na kosa la kawaida ni moja kushikwa huku nyingine imepita pembeni. Sasa unajua kosa hilo linazaa nini.

Swali ambalo karibu halikosi ni hili: "Nimekuambia ubadilishe soketi ile. Unaanzaje?" Jibu la haraka la wahitimu ni "nazima breka." Hilo ni jibu nusu. Unaitafuta breka ya saketi hiyo, kwa kuwa lebo za konsyuma yuniti haziaminiki. Unaizima, unaifungia kwa kufuli au unaweka kibandiko ili mtu mwingine asiirudishe ukiwa umeinama, kisha unachukua kipimo cha volti cha ncha mbili. Unakijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, uone kwamba kinafanya kazi. Ndipo unapima kwenye soketi: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Zote zikiwa hazina kitu, unarudi kukijaribu kipimo tena pale penye stima. Marudio hayo ya mwisho ndiyo wengi wanayaruka. Kipimo kikifa katikati, betri ikiisha au waya wake ukikatika, kitakuambia "hakuna stima" mahali ambapo ipo.

Wakikuuliza kuhusu testa ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini, sema kwamba huitumii kuthibitisha kuwa saketi imekufa. Kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya mpira, au mchana kwenye jua kali, kinaweza kuonekana hakiwaki huku waya una stima.

Beba bisibisi bapa na ya msalaba, plaisi, kikata waya na utepe wa kupimia, na uvae viatu vilivyofunika mguu wote. Mita na mega, yaani kipimo cha kihami cha waya, ni za kampuni, hakuna anayetarajia uwe nazo. Ukipewa mega, kabla ya kubonyeza uliza kama balbu na vifaa vya elektroniki vimeondolewa kwenye saketi. Inasukuma volti 500, itaua vifaa hivyo au itakupa kipimo cha chini kinachodanganya. Kihami kinapaswa kusoma megaomu 1 kwenda juu, na waya mpya kavu husoma zaidi ya hapo kwa mbali.

Wakikukubali, uliza mambo mawili kabla hujashika bisibisi: nani mwenye leseni atakayekusimamia kila siku, na mkataba utapelekwa NITA lini. Akikuambia uanze kwanza halafu karatasi zitafuata, mwombe barua fupi yenye tarehe ya kuanza, kazi utakayofundishwa na malipo ya nauli, hata iwe ya mistari mitano iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi. Ipige picha na kuituma nyumbani siku hiyo hiyo. Na kitabu kipya cha kumbukumbu kianze jioni ya siku ya kwanza: saketi gani, mita ngapi, umepima nini, na sahihi ya fundi kila Ijumaa kabla hajaondoka saiti.